Kwa Nini Riba ya Juma Imekuwa 6,000?

Tuchukue kikundi cha watu sita wanaokopeshana kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Mweka hazina wao amechoka na daftari, ameamua kuhamishia hesabu kwenye Excel. Juu kabisa ameandika masharti ya kikundi: riba, faini ya anayechelewesha rejesho, na mchango wa mfuko wa jamii. Mstari wa 4 ameuacha wazi ili karatasi ionekane vizuri, wa 5 ameweka vichwa, na kuanzia wa 6 ni majina ya wanachama na mikopo yao. Karatasi yenyewe ni hii:

```
     A         B          C
1    Riba      5%
2    Faini     2%
3    Mfuko     1,000
4
5    Jina      Mkopo      Riba
6    Asha      200,000
7    Juma      300,000
8    Neema     150,000
9    Hamisi    400,000
10   Rehema    250,000
11   Saidi     100,000
```

Riba ya Asha ni mkopo wake mara kiwango cha riba. Mkopo uko B6, kiwango kiko B1. Kwa hiyo kwenye seli C6 mweka hazina anaandika:

```
=B6*B1
```

Jibu linatoka 10,000. Asilimia 5 ya laki mbili ni elfu kumi, hapo hakuna ubishi. Kisha anashika kile kimraba kidogo kilicho kwenye kona ya chini ya seli, upande wa kulia, anakiburuta hadi mstari wa 11. Ndiyo raha ya Excel: fomula moja unaiandika mara moja, iliyobaki inajijaza. Lakini safu ya riba inajijaza hivi:

```
Asha     10,000
Juma     6,000
Neema    150,000,000
Hamisi   0
Rehema   #VALUE!
Saidi    20,000,000,000
```

Neema aliyekopa laki moja na nusu anadaiwa riba ya milioni 150. Saidi aliyekopa laki moja tu anadaiwa bilioni 20. Hamisi, mwenye mkopo mkubwa kuliko wote, hadaiwi kitu. Rehema hana hata namba, ana neno la ajabu lenye alama ya reli mbele yake.

Mwenye kuona haya atacheka, atajua kuna kitu kimeharibika, na ataanza kutafuta. Ndiyo maana mimi simwogopi Neema wala Saidi. Namwogopa Juma. Riba yake imeandikwa 6,000 wakati ilipaswa kuwa 15,000, na 6,000 ni namba inayofanana kabisa na riba. Kama jedwali lingekuwa na Asha na Juma peke yao, lingesomwa mbele ya kikundi, Juma angelipa huku anashukuru, na kikundi kingepoteza shilingi 9,000 bila mtu yeyote kushtuka. Basi tumfuatilie Juma.

Ukibofya mara mbili kwenye C7, seli ya riba ya Juma, utaona fomula iliyomo ndani:

```
=B7*B2
```

Sehemu ya kwanza ni sahihi: B7 ndio mkopo wa Juma. Sehemu ya pili ndiyo iliyopotea. Badala ya kubaki B1 kwenye riba, imeshuka hatua moja hadi B2, kwenye faini. Juma amepigiwa hesabu ya asilimia 2. Na kwa kuwa kila mstari unashuka hatua moja, waliobaki wote wanaelezeka. Neema amezidishiwa mkopo wake kwa B3, yaani 150,000 mara 1,000 za mfuko wa jamii. Hamisi ameangukia B4, mstari ulioachwa wazi, na Excel huihesabu seli tupu kuwa sifuri. Rehema ameangukia B5, lilipo neno Mkopo, na laki mbili na nusu mara neno haizai kitu, ndiyo maana ya `#VALUE!`. Saidi naye ameangukia B6, mkopo wa Asha, kwa hiyo 100,000 imezidishwa kwa 200,000.

Wengi wakifika hapa husema Excel imebadilisha fomula. Kwa macho ni kweli, B1 imekuwa B2. Lakini kwa jinsi programu yenyewe inavyofanya kazi, hakuna kilichobadilika hata kidogo, na anayeelewa jambo hili hatahitaji tena kukariri kanuni yoyote ya alama za dola.

Unapoandika B1 ndani ya C6, Excel haichukulii kwamba umetaja seli fulani duniani inayoitwa B1. Inachukulia kwamba umeelekeza njia: kutoka hapa nilipo, panda mistari mitano, sogea safu moja kushoto. Vivyo hivyo B6 maana yake ni seli ya jirani, safu moja kushoto, mstari huu huu. Ni kama kumwambia mgeni kwamba kwako ni nyumba ya tano kwenda juu kutoka hapo aliposimama. Maelekezo ni sahihi kabisa kwa aliyesimama hapo. Akiyachukua mtu aliyesimama nyumba moja chini, akayafuata neno kwa neno, atabisha hodi kwa mtu mwingine.

Huhitaji kuniamini kwa maneno matupu. Excel ina namna ya pili ya kuonyesha anwani za seli, na ukiiwasha utaona maelekezo yenyewe yakiwa uchi. Nenda `File`, kisha `Options`, kisha `Formulas`, uweke tiki kwenye `R1C1 reference style`. Herufi za safu zitageuka namba, na fomula ya Asha itasomeka hivi:

```
=RC[-1]*R[-5]C[-1]
```

Herufi R ni mstari, C ni safu, na namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya hatua za kwenda kutoka ulipo; alama ya kutoa maana yake juu au kushoto. Sasa bofya seli ya Juma. Utakuta fomula ileile, herufi kwa herufi. Ya Neema ileile. Ya Saidi aliyefikishwa bilioni 20 ileile. Kilichonakiliwa ni kitu kimoja kwa wote sita, ila kila mmoja amesimama mahali pake. Ukimaliza kushangaa ondoa tiki, maana kufanya kazi kwa mtindo huo kila siku ni mateso.

Je, basi Excel ni pumbavu? Hapana. Tabia hiyo ndiyo iliyoifanya sehemu ya kwanza ya fomula ifanye kazi. Tulitaka kila mwanachama achukue mkopo wake mwenyewe: Juma B7, Neema B8, Hamisi B9. Bila anwani zinazotembea ingetubidi kuandika fomula sita kwa mkono, na shule yenye wanafunzi 800 ingeandika fomula 800. Tatizo la fomula yetu ni kwamba ina anwani mbili zenye mahitaji tofauti. Mkopo unapaswa kumfuata mwanachama. Kiwango cha riba kinapaswa kubaki palepale. Tumeziandika zote mbili kwa namna moja, na programu haina jinsi ya kusoma nia yetu.

Zamani ilikuwa inauliza. VisiCalc, programu ya kwanza ya majedwali ya namna hii kuenea kwenye kompyuta ndogo, iliyotolewa mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston, haikukuruhusu kunakili fomula hivi hivi. Ulipoiamuru irudie fomula kwenye mistari mingine, ilikusimamisha kwenye kila anwani iliyomo na kukutaka ubonyeze N kama isibadilike au R kama iende na mstari. Fomula yenye anwani tano ilikuuliza mara tano. Ilichosha, lakini ilikulazimisha kufikiri. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, ikaleta utaratibu tunaoutumia hadi leo: jibu unaliandika mapema ndani ya fomula yenyewe, kwa alama ya dola, na ukinakili hakuna atakayekuuliza tena. Excel ilipokuja mwaka 1985 ilifuata njia hiyo. Swali halikufutwa. Limehamishiwa kwako, na usipolijibu, programu inachukua ukimya wako kuwa ruhusa ya anwani kutembea.

Kwa hiyo fomula ya Asha iliyojibu swali lake ni hii:

```
=B6*$B$1
```

Alama hiyo haihusiani na fedha, na haigusi hesabu. Riba ya Asha inabaki 10,000 kama ilivyokuwa. Kazi yake inaonekana siku ya kunakili tu: dola iliyo mbele ya B inasema safu isisogee, na dola iliyo mbele ya 1 inasema mstari usisogee. Iburute sasa hadi chini, na Juma anapata 15,000, Neema 7,500, Hamisi 20,000, Rehema 12,500, Saidi 5,000. Jumla ni 70,000, ambayo ndiyo asilimia 5 ya mikopo yote ya 1,400,000.

Kuziandika dola hizo kwa mkono ni halali, na kwenye simu ndivyo wengi wanavyofanya. Kwenye kompyuta kuna njia ya mkato. Ukiwa unaandika fomula, weka kasa ya kuandikia kwenye anwani husika na ubonyeze `F4`. Mara ya kwanza inakuwa `$B$1`, mara ya pili `B$1`, mara ya tatu `$B1`, mara ya nne inarudi `B1`. Kwenye laptopu nyingi kitufe hicho kimepewa kazi nyingine, kama sauti au mwanga wa kioo, hivyo lazima ushikilie `Fn` kwanza. Kwenye Mac, `Command+T` inafanya kazi hiyohiyo. Google Sheets nayo inaitambua `F4`.

Hizo hatua mbili za katikati, zenye dola moja moja, ndizo zinazowachanganya watu, na walimu wengi huziruka. Ni kosa kuziruka. Ukweli ni kwamba fomula yetu ya riba ilihitaji dola moja tu. Tulikuwa tunaburuta kwenda chini, na anayeburuta kwenda chini anabadilisha mstari peke yake, safu haiguswi. `B$1` ingetosha. Tulipoweka mbili tulijikinga tu, na kujikinga huko hakuna ubaya. Lakini likija jedwali linalonakiliwa pande zote mbili, kujikinga kupita kiasi kunaharibu kama kutojikinga.

Tuseme kikundi kinataka kubandika ukutani jedwali la riba. Chini kwa chini, kwenye safu A, kuna kiasi cha mkopo: 100,000, 200,000 na 300,000. Juu, kwenye mstari wa 1, kuna viwango vitatu: asilimia 3 kwa mwanachama wa muda mrefu, 5 kwa wa kawaida, 10 kwa asiye mwanachama. Ndani tunataka majibu tisa kwa fomula moja.

```
     A          B      C      D
1               3%     5%     10%
2    100,000
3    200,000
4    300,000
```

Ukiandika `=A2*B1` kwenye B2 bila dola, jibu la kwanza ni 3,000, sawasawa. Seli ya kulia kwake inageuka `=B2*C1`, yaani inachukua riba ya 3,000 na kuitoza asilimia 5: jibu 150. Inayofuata inatoza asilimia 10 ya hiyo 150, jibu 15. Seli iliyo chini ya ile ya kwanza inageuka `=A3*B2`, laki mbili mara elfu tatu, milioni 600. Unashtuka, unafunga kila kitu: `=$A$2*$B$1`. Sasa seli zote tisa zinasema 3,000. Hii nayo ni alama ya kuijua: safu nzima ikitoa namba moja wakati watu wana viwango tofauti, umefunga kilichopaswa kutembea.

Hapa ndipo inapofaa kuliuliza lile swali la VisiCalc kwa kila anwani, sehemu mbili mbili. Kiasi cha mkopo: kikienda kulia, kitoke kwenye safu A? Hapana, mikopo yote iko A, basi funga herufi. Kikienda chini, kibadilike? Ndiyo, kila mstari una mkopo wake, basi namba iache huru. Tunapata `$A2`. Kiwango nacho kinyume chake: kulia kinabadilika, herufi iwe huru, chini kinabaki mstari wa 1, namba ifungwe. Tunapata `B$1`.

```
=$A2*B$1
```

Iburute kulia, kisha mstari wote uburute chini. Mkopo wa 300,000 kwa asilimia 10 utaukuta kwenye D4 ukiwa 30,000, na fomula yake itasomeka `=$A4*D$1`. Anayeweza kuandika hiyo bila kubahatisha ameshamaliza somo la dola. Mengine ni matumizi.

Matumizi moja nitalieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndilo lenye makosa ya aina ya Juma, yale ya kimya. Mweka hazina anataka kujua kila mwanachama amechukua asilimia ngapi ya mikopo yote. Tayari ana jumla kwenye B12, chini ya mikopo, ambayo ni 1,400,000. Akigawanya kwa `=B6/B12` na kuburuta, Juma atagawanywa kwa B13 ambayo ni tupu, na Excel itapiga kelele ya `#DIV/0!`. Kelele ni rafiki, kosa litarekebishwa siku hiyohiyo. Lakini tuseme ameamua kujumlisha ndani ya fomula:

```
=B6/SUM(B6:B11)
```

Asha anapata asilimia 14.3, sahihi. Fomula ya Juma inakuwa `=B7/SUM(B7:B12)`. Angalia kilichotokea: dirisha zima la kujumlisha limeteleza hatua moja. Mkopo wa Asha umetoka juu, na ile jumla ya 1,400,000 imeingia kwa chini, ikahesabiwa kana kwamba ni mkopo wa mtu. Juma anaonyeshwa 11.5 badala ya 21.4. Neema 6.5 badala ya 10.7. Hamisi 18.6 badala ya 28.6. Rehema 14.3 badala ya 17.9, Saidi 6.7 badala ya 7.1. Hakuna bilioni, hakuna `#VALUE!`, na Hamisi, aliyekopa zaidi ya wote, bado yuko juu. Mtu anaweza kuzichora asilimia hizo kwenye chati na kuzipeleka kwenye mkutano mkuu. Kinachozifichua ni kuzijumlisha tu: zinafika karibu 72, wakati sehemu za kitu kimoja lazima zifike 100. Dawa yake ni kufunga ncha zote mbili za dirisha, `SUM(B$6:B$11)`.

Ugonjwa huohuo unawapata wanaotumia `VLOOKUP` kutafuta bei au jina kwenye orodha. Wasipoifunga orodha, inateleza kila mstari, vitu vya juu vinadondoka kimoja kimoja, na mwisho wa jedwali programu inasema `#N/A`, haijakiona, kitu ambacho wewe unakiona kwa macho yako kwenye orodha. Ukikuta `#N/A` zinaongezeka kadiri unavyoshuka, usihangaike kwanza na tahajia ya majina. Kagua dola.

Mara chache unataka dirisha linyooke makusudi, ncha moja ikae na nyingine itembee. Mfano ni jumla inayokua mkopo kwa mkopo:

```
=SUM(B$6:B6)
```

Kwa Asha ni 200,000. Kwa Juma inakuwa `SUM(B$6:B7)`, 500,000. Kwa Neema 650,000, na kuendelea hadi mtu wa mwisho. Kwa maoni yangu hii ndiyo fomula nzuri kuliko zote zilizomo kwenye makala haya, na inatumia dola moja tu.

Sasa, mbona Excel yenyewe haituonyi? Ina vipembetatu vya kijani kwenye kona za seli, vinavyojitokeza inapohisi fomula si ya kawaida. Hapa kuna kejeli kidogo. Moja ya kanuni zake ni kulinganisha fomula na jirani zake, na kulinganisha huko hufanywa kwa yale maelekezo ya hatua tuliyoyaona kwenye R na C. Safu ya riba iliyokosewa yote ina maelekezo yaleyale, kwa hiyo kwa macho ya kanuni hiyo imenyooka. Rehema atapata kipembetatu kwa sababu seli yake ina `#VALUE!`, lakini Juma hapati kitu. Na ukienda ukairekebisha seli ya Neema peke yake, ukaacha za jirani, Excel inaweza kumwekea kipembetatu huyo mmoja uliyemrekebisha. Yeye ndiye amekuwa tofauti na wenzake.

Basi ukaguzi ni wako. Njia ya haraka kwa jicho ni kubofya mara mbili seli ya mwisho ya safu, siyo ya kwanza. Ya kwanza uliiandika wewe na karibu kila mara ni sahihi. Anwani iliyoteleza inaonekana vizuri zaidi mwisho, ilikokwenda mbali. Excel inazungushia rangi kila seli inayotumika. Kwa Saidi ungeona fremu moja kwenye mkopo wake, vizuri, na nyingine kwenye mkopo wa Asha, na hapo huhitaji maelezo. Kama unataka kuona karatasi nzima kwa pamoja, nenda `Formulas` na ubonyeze `Show Formulas`. Kila seli itaonyesha fomula yake badala ya jibu.

Kuna mambo ambayo dola haiyafanyi, na watu huyategemea. Haimzuii mtu kuandika juu ya B1. Huo ni ulinzi mwingine kabisa, unaopatikana kwa `Review` kisha `Protect Sheet`. Pia haiigandishi anwani milele: ukichomeka mstari mpya juu ya karatasi, riba inahamia B2, na Excel yenyewe inazigeuza `$B$1` zote kuwa `$B$2`, kama unavyotaka. Ukikata seli kwa `Ctrl+X` na kuibandika kwingine, fomula yake haisogei hata bila dola, kwa sababu kuhamisha si kunakili. Na dola haishiki jina la karatasi. Ukinakili fomula ya Januari ukaibandika kwenye karatasi ya Februari, `$B$1` sasa ni B1 ya Februari, na kama hukuandika kiwango huko, riba za mwezi mzima ni sifuri. Kwa viwango vinavyotumika karatasi nyingi, viweke kwenye karatasi moja, uiite kwa mfano Viwango, na uandike anwani pamoja na jina lake:

```
=B6*Viwango!$B$1
```

Au achana na dola kabisa na uipe seli hiyo jina. Ichague, nenda kwenye kile kisanduku kilicho kushoto juu kinachoonyesha anwani, futa, andika `Riba`, bonyeza `Enter`. Tangu hapo fomula inaweza kuwa `=B6*Riba`, haitelezi popote, na atakayerithi faili lako mwakani ataisoma bila kukupigia simu. Kwa kiwango kimoja au viwili vinavyotajwa kila mahali, mimi napendelea jina. Kwa jedwali kama lile la mikopo na viwango, dola hazina mbadala ulio rahisi.

Kabla hujasoma riba mbele ya wanachama, fanya jaribio moja. Andika 0 kwenye seli ya riba na utazame safu nzima. Kama fomula zimefungwa vizuri, wote sita watakuwa sifuri kwa mara moja. Kwenye karatasi ya mwanzo, ni Asha peke yake ambaye angeshuka hadi sifuri. Juma angebaki na 6,000 zake. Ukishaona, bonyeza `Ctrl+Z` kiwango kirudi.